Lipstiki na rangi ya kucha kwenye picha za akili mnemba: rangi sahihi, mng'ao wake na swochi isiyofanana na stika

Swali: Wakuu, natengeneza picha za katalogi ya lipstiki sita na rangi nne za kucha kwa kutumia akili mnemba. Nikiandika jina la rangi pamoja na msimbo wake, bado inatoka nyekundu nyingine kabisa. Mng'ao unakuwa kama wa plastiki, na swochi za mkononi, yaani mikwaruzo ya kuonyeshea rangi kwenye ngozi, zinaonekana kama stika. Ile ya rangi ya tofali ndiyo imenishinda kabisa. Mnafanyaje?

Jibu:

Nianze na hiyo ya tofali, kwa sababu nimewahi kuhangaika nayo karibu wiki nzima, na kila kilichonifunza kuhusu kazi hii kilijitokeza humo.

Modeli ya kutengeneza picha imejifunza kutokana na picha zilizoambatana na maelezo yaliyoandikwa na watu. Maelezo hayo husema "lipstiki nyekundu" au "midomo ya rangi ya zambarau". Ni nadra sana kusema `#8C2F2A`. Kwa hiyo ukiweka msimbo wa namna hiyo, modeli nyingi haziusomi kama rangi bali kama herufi na tarakimu zisizo na maana, na zile zinazojua kuandika maneno kwenye picha zinaweza hata kuuchapa msimbo wenyewe juu ya ngozi. Zipo modeli mpya zinazopokea misimbo, lakini hata hizo haziwezi kukupa rangi ileile kila pikseli, na hazipaswi kufanya hivyo, kwa kuwa midomo ina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Jina la rangi nalo lina tatizo lake. Neno la Kiingereza linalomaanisha nyekundu ya tofali limetumika kwa bidhaa nyingi mno ambazo si za rangi ya tofali hata kidogo, na neno "nyekundu" likikaa karibu na neno "lipstiki" huivuta modeli kwenye ile nyekundu kali ya matangazo. Ndiyo maana unaona nyekundu nyingine kabisa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuijua rangi halisi kabla ya kuagiza chochote. Nilipaka lipstiki kwenye karatasi nyeupe, tabaka nene, nikaiweka kivulini karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, na pembeni nikaweka kadi ya kijivu ambayo wapiga picha huitumia kusawazisha rangi. Nilipoifungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, niliingia kwenye `Colors > Levels`, nikachukua kile kidonoa cha kijivu na kubofya kadi, ili unjano au ubuluu wa mwanga uondoke. Kisha nikapima rangi kwa `Color Picker` huku nimewasha `Sample average`, kwa sababu kupima pikseli moja ni kupima chembe moja ya kelele ya kamera. Nilipata `#8C2F2A`.

Msimbo huo peke yake haukuambii mengi. Kwenye dirisha la taarifa la `Color Picker` unaweza kuchagua kuona thamani za `CIE LCh`, na hizo ndizo ninazozitumia mimi kila siku. L ni weupe, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 100 ambayo ni nyeupe. C ni ukolezi, yaani rangi imekolea au imefifia kiasi gani. Herufi h ni pembe ya rangi yenyewe: kwenye nyekundu, pembe ya 10 au 20 inaelekea waridi, pembe ya 40 ni nyekundu kavu, na ukizidi hapo unaelekea kwenye chungwa. Tofali langu lilikuwa karibu L 34, C 47, h 33. Ukishaziona tarakimu tatu hizo huna haja ya kubishana na macho yako saa tano usiku, kwa sababu unajua kama kosa ni la weupe, la ukolezi au la rangi yenyewe, na kila moja lina dawa yake.

Agizo langu la mwanzo lilikuwa hivi, na ninaliweka hapa ili uone lilivyo baya. Maagizo ninayaandika kwa Kiingereza kwa sababu modeli ninazotumia zilifundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza.

```
glossy brick red lipstick #8C2F2A swatch on arm, beautiful, 8k
```

Nilipata mkono wa mtu mweupe wenye bonge la rangi ya mafuta lililopakwa kama kwa brashi ya mchoraji, pana karibu sawa na mkono wenyewe, na mandharinyuma yamegeuka mekundu. Katikati ya swochi palikuwa na `#A32638`, yaani karibu L 37, C 56, h 23. Ukilinganisha, weupe haukuwa mbali. Kosa lilikuwa kwamba rangi imesogea nyuzi 10 kuelekea waridi na imekolea kupita kiasi. Nilipoliona hilo niliacha kuongeza maneno ya aina ya "iliyokolea" na "nzuri sana", ambayo kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiipeleka rangi mbali zaidi.

Maneno ya rangi yanayofanya kazi ni yale yanayotaja kitu ambacho modeli imekiona mara nyingi kikiwa na rangi hiyohiyo. Udongo uliochomwa, mdalasini, kahawa yenye maziwa, ngozi ya biringanya na mvinyo mzito ni bora kuliko majina ya kibiashara, ambayo kila kampuni huyatumia inavyopenda. Ongeza neno moja la ukolezi, kwa mfano lile la rangi iliyofifia, na neno moja la joto la rangi, yaani kama inaelekea kahawia au buluu. Usizidishe. Ukiweka vitu vinne vya rangi tofauti katika agizo moja, modeli itavichanganya na kuvitapanya kwenye nguo, kucha na ukuta. Kuvuja huko kwa rangi ndiko kulikoharibu mandharinyuma yangu, na dawa yake rahisi ni kulipa kila eneo kubwa la picha rangi yake ya kimya: mandharinyuma ya kijivu, nguo isiyoonekana, ngozi iliyotajwa waziwazi.

Ngozi usiache kuitaja. Usipoitaja, modeli nyingi zitakuchagulia ngozi nyeupe, na ukitaja "mwanamke Mwafrika" bila kusema rangi ya ngozi utapata ngozi tofauti katika kila picha, hivyo swochi zako sita zitakaa kwenye mikono sita. Neno "nude", ambalo wauza vipodozi hulitumia kwa lipstiki inayokaribiana na rangi ya ngozi, lina kasoro mbili: katika huduma nyingine huzuiwa na kichujio kwa kuwa lina maana pia ya kuwa uchi, na lisipozuiwa hukuletea rangi ya biskuti inayofaa ngozi nyeupe. Taja karameli, mdalasini au kahawa.

Agizo la pili, baada ya majaribio kadhaa, lilikuwa hili:

```
close-up photo of the inner forearm of a woman with deep brown skin,
one narrow lipstick swatch about a fingertip wide,
opaque muted red-brown like fired clay at the start,
thinning until the skin shows through at the end,
uneven edges, fine skin lines visible in the pigment,
soft window light from the left, plain neutral grey background
```

Angalia kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo haizungumzii rangi. Yanaeleza jinsi lipstiki inavyoachana na mche wake. Mche wa kawaida una kipenyo cha milimita 12 hivi, kwa hiyo mkwaruzo mmoja hauwezi kuwa mpana kuliko ncha ya kidole. Mwanzo wa mkwaruzo ni mnene kwa sababu ndipo mkono ulipokandamiza, na mwisho ni mwembamba kwa sababu rangi imeisha. Kingo hazinyooki, na mistari midogo ya ngozi hushika rangi zaidi kwenye mifereji yake na kuiachia kwenye matuta. Swochi isiyo na mambo hayo ndiyo inayoonekana kama stika, hata rangi yake ikiwa sahihi kabisa. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalioni: pale mwishoni rangi inapokuwa nyembamba, inachanganyika na ngozi, kwa hiyo ngozi ikiwa nyeusi kuliko lipstiki, mkia wa swochi lazima uwe mweusi zaidi kuliko kichwa chake. Modeli mara nyingi huufanya mkia kuwa mweupe zaidi, kama chaki, kwa sababu imezoea picha za mikono meupe. Ukiona mkia wa waridi wenye chaki kwenye mkono wa kahawia, picha hiyo itupe.

Matokeo ya agizo la pili yalipimwa karibu L 35, C 42, h 39. Sasa tulikuwa upande wa pili: rangi imeelekea kidogo kwenye chungwa na imefifia kuliko inavyotakiwa. Ningeweza kuendelea kubadilisha neno moja baada ya jingine usiku kucha, lakini uzoefu wangu ni kwamba maneno hukufikisha mtaa wenyewe, hayakufikishi kwenye nyumba. Nikishakuwa ndani ya nyuzi 10 za pembe na umbo la swochi likiwa zuri, naacha kuagiza na kuanza kurekebisha. Umbo, mwanga na ngozi ndivyo vigumu kuvitengeneza kwa mkono. Rangi ni rahisi.

Marekebisho yenyewe huanza na kijivu. Nilikuwa nimeomba mandharinyuma ya kijivu kwa sababu hii: yakitoka na nyekundu inayozidi buluu kwa tarakimu 15 au 20, najua kwamba modeli imeipaka picha nzima mwanga wa jioni, jambo ambalo inalipenda sana, na ninausawazisha kwanza kwa kile kidonoa cha `Levels`. Safari moja nilikuta baada ya hatua hiyo pekee pembe imejirudi nyuzi 4, kumbe lipstiki haikuwa na kosa kubwa, ni mwanga. Mtu anayerekebisha lipstiki kabla ya kurekebisha mwanga ataharibu vyote viwili.

Baada ya hapo natengeneza tabaka jipya, nalijaza rangi lengwa, naliwekea hali ya `LCh Color`, kisha naliongezea kificho cheusi, ambacho hulificha tabaka lote, na kupaka weupe kwenye kificho mahali penye swochi tu. Hali hiyo huchukua pembe na ukolezi kutoka kwenye tabaka la juu na kuacha weupe wa chini kama ulivyo, kwa hiyo vivuli na mistari ya ngozi hubaki. Kwenye mkia wa swochi, kificho kisiwe cheupe kabisa. Napitisha mpito wa taratibu kutoka nyeupe hadi nyeusi ili ngozi iendelee kuonekana. Kama weupe nao umekosea, naurekebisha mwisho kwa `Curves` kupitia kificho hichohicho. Kisha napima tena katikati ya swochi, mahali pasipo mwako, yaani lile doa la mwanga wa taa, wala kivuli. Hapo siwi mkali kupita kiasi: pembe ikiwa ndani ya nyuzi 2 au 3 na tarakimu nyingine mbili zikiwa ndani ya 3, nafunga kazi.

Mtego mkubwa wa hatua hiyo unatuleta kwenye mng'ao wako wa plastiki. Lipstiki, lipshaini na rangi ya kawaida ya kucha si metali. Mwanga unaorudi kutoka kwenye uso wake unaong'aa haujapita ndani ya rangi, kwa hiyo mwako wake huwa na rangi ya taa, si rangi ya lipstiki. Taa nyeupe, mwako mweupe, hata lipstiki ikiwa ya zambarau. Ukipitisha tabaka lako la `LCh Color` juu ya mwako, unaupaka waridi, na papo hapo jicho linaona bati lililopigwa rangi. Kwa hiyo rudi kwenye kificho, chukua brashi laini nyeusi, na ufute kila mahali penye mwako. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayotofautisha picha ninazozikubali na ninazozikataa.

Kwenye agizo, neno la Kiingereza la "kung'aa" halikusaidii sana. Ukilisisitiza, modeli itakuletea midomo inayodondosha maji na vinyota vya mwanga vilivyosambaa kila upande bila mpangilio. Badala ya kuuelezea mng'ao, ielezee taa. Sema kuna taa moja, iko upande gani, ni kubwa au ndogo, na mwako wake unaangukia wapi. Kwa midomo yenye lipshaini ninaandika hivi:

```
one large softbox from upper left, a single crisp rectangular
highlight on the lower lip, a thinner one along the upper lip edge
```

Taa kubwa hutoa mwako mpana, taa ndogo hutoa nukta ndogo. Kadiri uso ulivyo laini ndivyo kingo za mwako zinavyokuwa kali. Kwa lipstiki yenye mng'ao wa hariri, mwako upo lakini kingo zake zimeyeyuka. Kwa lipstiki isiyong'aa kabisa, mwako unatoweka na mahali pake panabaki mpito mpana wa taratibu kutoka kwenye mwanga hadi kwenye kivuli, huku mistari ya wima ya midomo ikionekana wazi zaidi. Hapo usiandike "bila mng'ao" ndani ya agizo lenyewe, kwa sababu modeli nyingi husikia neno "mng'ao" na kulitekeleza. Kama programu yako ina kisanduku cha maagizo hasi, kama ilivyo kwa modeli ya SDXL, peleka neno hilo huko. Kwenye modeli ya FLUX.1 dev, ambayo kwa matumizi ya kawaida haina kisanduku hicho, eleza unachotaka kukiona: uso kama wa mahameli, wenye unga mwembamba, chini ya anga la mawingu.

Usitumie tarakimu zilezile kwa lipstiki inayong'aa na isiyong'aa hata kama rangi ya ndani ni moja. Uso usiong'aa hutawanya mwanga mweupe kila upande na kuuchanganya na rangi, hivyo rangi huonekana nyeupe zaidi na imefifia. Uso laini huukusanya mwanga huo mahali pamoja, kwenye mwako, na sehemu iliyobaki huonekana nzito na iliyokolea. Yeyote aliyewahi kupaka koti la juu lisilo na rangi kwenye kucha zenye rangi iliyochujuka ameliona hili kwa macho yake. Kwa hiyo pima kila bidhaa katika hali yake ya mwisho, ikiwa imekauka kama ni ya kukauka.

Ukihamia kutoka mkononi hadi midomoni, kumbuka pia kwamba midomo ya watu wengi wenye ngozi nyeusi haina rangi moja: wa juu ni mweusi zaidi, wa chini una uwaridi kwa ndani. Lipstiki nzito huufunika utofauti huo, lakini lipstiki nyepesi au lipshaini yenye rangi kidogo huuacha uonekane. Modeli isipoambiwa itakupa midomo miwili sawasawa, kama iliyochapwa. Ninaongeza maneno ya kusema kwamba mdomo wa juu ni mweusi kidogo kuliko wa chini, na picha inapata uhai mara moja.

Kuhusu kucha nitakuwa mfupi, kwa sababu rangi unaipata kwa njia ileile. Kinachobadilika ni umbo la mwako. Ukucha ni kama kipande cha bomba lililolazwa, kwa hiyo mwako wake ni mstari mmoja mwembamba unaokwenda kwa urefu wa ukucha, na kwenye vidole vinne vilivyolala pamoja mistari hiyo lazima ikae upande uleule. Kidole gumba kimegeuka, hivyo mwako wake uko mahali pengine na rangi yake huonekana tofauti kidogo, usiirekebishe ilingane. Ukitaka kukagua haraka, igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe, na mwako uliokaa upande usio wake utauona bila kuutafuta. Ili rangi ionekane imepakwa na binadamu, taja kwamba ni makoti mawili na kwamba kuna nafasi ndogo sana isiyo na rangi karibu na ngozi ya shina la ukucha.

```
two coats of opaque cream nail polish, dusty plum, short rounded nails,
a hairline gap near the cuticle, one narrow straight highlight
running lengthwise on each nail, same side on all four fingers
```

Rangi za kucha za aina ya kroma huivunja ile kanuni ya mwako mweupe, kwa sababu uso wake unafanya kazi kama metali: mwako wa dhahabu ni wa dhahabu. Zaidi ya hapo, kroma haina mng'ao wa kuonyesha kama hakuna kitu cha kuakisi, kwa hiyo ukiiweka kwenye mandharinyuma matupu ya kijivu utapata kucha zilizopooza. Taja dirisha, kingo nyeusi za chumba, hata mkono wa pili. Rangi yenye vumbi la kumetameta ni tofauti na ile yenye glita: vumbi ni chembe ndogo sana zilizoenea sawasawa ndani ya rangi, glita ni vipande unavyoweza kuvihesabu. Modeli huchanganya hizi mbili kila mara, na mimi huandika ukubwa wa chembe badala ya jina la aina.

Sasa lipstiki zako sita. Usijaribu kuziomba zote katika picha moja. Modeli itakupa mikwaruzo mitano au saba, itabadilisha mpangilio, na rangi za jirani zitaambukizana. Tengeneza mkono mmoja wenye swochi moja nzuri, kisha rudufu picha hiyo na ubadilishe rangi ya swochi kwa tabaka la `LCh Color` na `Curves`, mara sita. Ukihitaji umbo tofauti kwa kila swochi, paka mwenyewe ukanda wa rangi lengwa juu ya picha ya mkono, hata ukiwa mbaya, kisha uipitishe kwenye picha-kwa-picha, ambapo modeli huanza na picha uliyoipa, kwa nguvu ya 0.35 hivi. Kwa nguvu hiyo modeli huongeza kingo, mistari ya ngozi na unene bila kuigusa sana rangi yako. Nilipopandisha hadi 0.6 rangi ilianza kurudi kwenye nyekundu yake ya matangazo. Namba ya mbegu, ile inayoamua bahati nasibu ya kila picha, iwe ileile wakati unajaribu neno moja, la sivyo hutajua kama kilichobadilisha picha ni neno au ni bahati.

Wakati wa kuhifadhi, toa picha katika mfumo wa rangi wa sRGB na uiache kama PNG hadi mwisho kabisa. JPEG ya kawaida hupunguza taarifa za rangi kuliko za weupe, na nyekundu iliyokolea ndiyo inayoumia zaidi: kingo za swochi uliyoihangaikia hufifia na kumwagika kwenye ngozi, hasa picha ikishatumwa mara mbili tatu kwa simu.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na wenzangu wengi wa kazi hii: kuuzia rangi kwa swochi ya akili mnemba. Mteja mmoja alichukua swochi nilizomtengenezea kama mfano wa mpangilio wa katalogi, akazitumia kuuzia, na wanunuzi wakarudisha bidhaa wakisema rangi si hiyo. Walikuwa na haki. Ile swochi haikuwa lipstiki yake; ilikuwa pembe na ukolezi nilioupachika juu ya mkono usiokuwepo. Haikuweza kujua kwamba lipstiki yake halisi, baada ya saa moja, hugeuka kuwa nyeusi kidogo juu ya ngozi yenye mafuta. Tangu hapo natumia picha hizi kwa mabango, mpangilio wa kurasa na majaribio ya vifungashio, na pale mnunuzi anapochagua rangi, naomba ipigwe picha ya mkono wa mtu, kando ya dirisha, na kadi ya kijivu pembeni. Kwa katalogi yako, swochi zile sita ungezipiga hivyo mchana mmoja, na akili mnemba ukaiachia midomo, kucha na mandhari.